Je, Wajua? Ukivaa Iyafoni za Bluetooth, Simu Huchelewesha Picha Makusudi

Je, wajua kwamba ukivaa iyafoni zisizo na waya na kufungua filamu kwenye simu, simu huizuia picha kidogo isitokee? Haijaharibika. Sauti ikishatoka kwenye programu ya video ina safari ya karibu robo sekunde mpaka ifike sikioni, na programu inalijua hilo. Basi picha inawekwa kusubiri, na vyote viwili vinatokea kwa pamoja. Wewe unaona midomo ya waigizaji inakwenda na maneno yao, unaamini hakuna kilichochelewa.

Sasa fungua mchezo wa kupiga risasi kwenye simu hiyohiyo, na iyafoni hizohizo masikioni. Unabonyeza, moto unatoka kwenye mtutu, unaanza kulenga shabaha nyingine, ndipo mlio unafika. Iyafoni hazijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba safari hii simu haina la kuchelewesha, kwa sababu kabla hujabonyeza hakukuwa na mlio wowote wa kutuma.

Sikio linavumilia upande mmoja

Mwaka 1998 Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) lilitoa pendekezo namba BT.1359 kuhusu sauti na picha za televisheni. Humo mna viwango vya watazamaji wa kawaida: sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi mtu anaanza kugundua kasoro, lakini ikichelewa nyuma ya picha hagundui mpaka zifike kama 125. Mpaka wa kuvumilia uliwekwa kwenye 90 kwa sauti inayotangulia, na 185 kwa sauti inayochelewa.

Tofauti hiyo haikutoka hewani. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na nuru kwa umbali wa macho yetu ni kama haitumii muda. Mtazame mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, mita 100 kutoka ulipo: shoka linagota, na mlio unakufikia baada ya milisekunde 290. Ubongo umeyazoea hayo tangu utoto, unayasamehe. Lakini mlio kulitangulia shoka ni jambo ambalo hujawahi kuliona, na ndiyo maana sauti inayotangulia inakera upesi zaidi. Weka hili akilini, litatufaa tukifika kwa wanaohariri video.

Iyafoni nyingi za kawaida za Bluetooth huchelewa kati ya milisekunde 150 na 250. Yaani bila msaada wa programu ya video, nyingi zinaangukia pale pale kwenye mpaka wa uvumilivu, au ng'ambo yake.

Kodeki inasingiziwa

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka utakalopewa ni "kodeki". Kodeki ni ule utaratibu wa kuibana sauti ili ipite kwenye redio nyembamba ya Bluetooth, kisha kuitanua upande wa pili. Sauti ya ubora wa CD inahitaji kilobiti 1411 kwa sekunde. Kodeki ya lazima kwa kila kifaa cha Bluetooth cha muziki inaitwa SBC, na ikifanya kazi kwa kiwango chake cha juu cha kawaida huibana sauti hiyo hadi kilobiti 328.

Je, wajua SBC hutumia muda gani kwa kazi hiyo? Huchukua kipande cha sauti chenye sampuli 128, ambacho kwa sampuli 44,100 za kila sekunde ni milisekunde 2.9 tu. Ukiongeza muda wa vichujio vyake, ucheleweshaji wa lazima haufiki milisekunde 5. Milisekunde 5 ni sawa na kusimama mita 1.7 kutoka kwa mtu anayeongea. Hakuna anayeona midomo ikipishana na maneno kwa umbali huo.

Sasa, ikiwa kodeki imechukua 5 na sikio limecheleweshwa 200, zile 195 zimeliwa na nani?

Tuifuate sauti hatua kwa hatua. Simu haitumi kila kipande cha SBC peke yake, kwa kuwa ingepoteza muda mwingi wa redio kwenye vichwa vya pakiti. Hupanga vipande kadhaa kwenye pakiti moja. Kipande kimoja kina baiti 119, na pakiti kubwa inayotumika sana, ile ya 2-DH5, hubeba baiti 679. Vipande 5 vinaingia na nafasi ya anwani inabaki. Vipande 5 ni sauti ya milisekunde 14.5, na simu lazima isubiri vyote vitimie kabla ya kufunga pakiti. Hapo tayari tumeondokewa na 14.5.

Halafu inaingia redio. Bluetooth imegawa muda katika nafasi za mikrosekunde 625, na inarukaruka kati ya chaneli 79 kwenye eneo la gigahezi 2.4. Pakiti yetu inachukua nafasi 5, kisha iyafoni inatumia nafasi 1 kujibu "nimeipata" au "sijaipata". Jumla ni milisekunde 3.75. Kila pakiti inabeba sauti ya 14.5, kwa hiyo simu ina muda wa kuituma mara 3, ikifeli mara mbili za kwanza, bila pakiti inayofuata kuchelewa zamu yake.

Chumbani peke yako, jaribio la kwanza linatosha karibu kila mara. Lakini eneo hilohilo la gigahezi 2.4 linatumiwa na Wi-Fi, na maikrowevu ya jikoni inapopasha chakula, na simu za abiria wote waliobanana kwenye daladala. Mwili wako wenyewe umejaa maji, nayo hunyonya mawimbi hayo: simu ikiwa mfuko wa nyuma kulia na iyafoni inayopokea ikiwa sikio la kushoto, pakiti nyingi zinapotea njiani. Muziki wa Bluetooth hautupi pakiti iliyopotea. Unaituma tena, na tena, mpaka ijibiwe. Zikitokea milisekunde 100 mbaya, pakiti 6 au 7 zinarundikana kwenye simu zikingoja njia.

Iyafoni isingekuwa na akiba, kila mara hali hiyo ingekukatia wimbo katikati. Ndiyo maana mtengenezaji anaweka ndani yake bafa, na kazi yake ni ileile ya simtanki juu ya dari katika mtaa wenye mgao wa maji: bomba la barabarani likikatika kidogo, ndani maji yanaendelea kutoka. Gharama yake ni kwamba tone linaloingia leo juu ya tangi lililojaa halitoki bombani mpaka yale yaliyotangulia yaishe. Bafa ya milisekunde 150 maana yake ni kwamba kila sauti unayoisikia imekaa ndani ya iyafoni milisekunde 150, hata kama redio haikukosea hata mara moja.

Ucheleweshaji, basi, ni uamuzi wa mtu fulani kiwandani aliyechagua ukubwa wa tangi. Akilipunguza, mchezo wa simu unachezeka vizuri lakini muziki unakatikakatika kituoni. Akiliongeza, muziki haukatiki na michezo haichezeki. Ile hali ya michezo ambayo iyafoni nyingi za bei nafuu huitangaza siku hizi, kwa kawaida huwa ni bafa iliyopunguzwa. Ukiiwasha na kwenda mahali penye msongamano wa mawimbi, utaisikia kasoro yake mwenyewe.

Kodeki nyingine na tabia zake

Hii haina maana kwamba kodeki zote ni sawa. AAC, ambayo iPhone huipendelea, hufanya kazi kwa vipande vya sampuli 1024, yaani milisekunde 23, na kila kipande kinafungamana na kinachofuata, hivyo hakiwezi kutanuliwa kabla mwenzake hajafika. Hapo kodeki yenyewe inakula milisekunde zinazozidi 40. LDAC ya Sony, ya mwaka 2015, inaweza kufika kilobiti 990 kwa sekunde. Masikio yanafurahi, ila sauti nene namna hiyo inajaza redio, nafasi ya kurudia pakiti inapungua, na bafa inabidi iwe kubwa zaidi kufidia. Anayewasha LDAC ya 990 ili filamu iende sawa na sauti anavuta kamba upande usiofaa.

Yenye historia ya kuvutia zaidi ni aptX. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, katika miaka ya 1980, mikononi mwa Stephen Smyth. Yenyewe huchukua sampuli 4 tu kwa wakati mmoja na kuzibana hadi robo ya ukubwa wake, hivyo ucheleweshaji wake haufiki milisekunde 2. Je, wajua kwamba kabla haijaingia kwenye hedifoni ilikuwa kwenye majumba ya sinema? Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ndiyo iliyozindua mfumo wa sauti wa DTS, na sauti ya mfumo huo haikuwa kwenye utepe wa filamu. Ilikuwa kwenye diski za CD-ROM pembeni, imebanwa kwa aptX. Kwenye utepe palichapishwa alama za muda, mashine ikazisoma na kujua ni sekunde gani ya sauti inayopaswa kusikika. Utepe ukikatika na kuungwa upya, sauti iliruka nao.

Toleo lililoitwa aptX Low Latency lilipunguza safari yote hadi milisekunde 40 hivi, lakini soma vizuri: halikufanya hivyo kwa kubana sauti upesi zaidi, maana aptX ilikuwa na kasi tangu mwanzo. Lilifanya hivyo kwa kuamuru bafa iwe ndogo pande zote mbili. Lilihitaji simu na hedifoni vyote vilielewe, na simu nyingi hazikuwahi kuwa nalo. Boksi la hedifoni likiandikwa "aptX" tupu halikuahidi chochote kuhusu kuchelewa, na maneno "haichelewi kabisa" kwenye boksi lolote la Bluetooth mimi huyahesabu kuwa mapambo.

Kujua yako inatumia ipi si kazi kubwa. Kwenye Android, fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa za simu, gusa nambari ya muundo mara 7, na chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Humo utakuta kodeki ya sauti ya Bluetooth inayotumika wakati huo, SBC au AAC au nyingine.

Saa mbili hazikubaliani

Kuna jambo dogo ambalo bafa hulifanya kimyakimya. Ndani ya simu kuna kipande cha kwatsi kinachopiga mapigo ya saa, na ndani ya iyafoni kuna kingine. Kanuni za Bluetooth zinaruhusu kila kimoja kikosee hadi sehemu 20 kwa milioni. Kimoja kikikimbia na kingine kikikawia, baada ya saa moja vimepishana milisekunde 144. Iyafoni lazima iitazame bafa yake muda wote, ikiona inajaa iharakishe sauti kidogo sana, ikiona inapungua ipunguze mwendo, kwa kiasi ambacho sikio halitambui. Za bei rahisi sana hulifanya hili vibaya, na dalili yake ni sauti kugugumiza kidogo kila baada ya dakika kadhaa hata ukiwa umekaa mahali patulivu.

Na kwenye simu ya kuongea? Hapo Bluetooth hutumia njia nyingine kabisa: nafasi za redio zinawekwa akiba kwa zamu maalumu, kurudia ni kidogo sana, na pakiti iliyochelewa inaachwa ipotee. Ndiyo maana mazungumzo hayachelewi sana, na ndiyo maana pia muziki uliokuwa mtamu unageuka sauti ya redio ya zamani mara tu mkutano wa video unapowasha kipaza sauti cha hedifoni.

Pale picha isipoweza kungoja

Turudi kwenye lile suala la kuficha ucheleweshaji. Hedifoni inaweza kuiambia simu inachelewa kwa kiasi gani. Itifaki ina ujumbe wa kazi hiyo, hesabu yake ikiwa kwa sehemu za kumi za milisekunde. Kicheza video hakiongozwi na picha, kinaongozwa na sauti: huuliza ni sampuli gani inayosikika sasa hivi, kisha huonyesha picha inayolingana nayo. Hedifoni ikitoa namba ya kweli, filamu inakwenda sawa. Ikitoa namba ya uongo, au isitoe kitu na simu ikakisia, midomo inapishana, na itapishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho. Hiyo ndiyo alama yake. Pengo likikua kadiri filamu inavyoendelea, ugonjwa uko kwenye faili au kwenye kifaa kinachochezesha, si kwenye Bluetooth.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao kazi yao hutegemea jibu la papo hapo. Mpiga kinanda kwenye programu ya simu hawezi kufanya kazi na pengo la milisekunde 200. Vidole vinaanza kuisubiri sauti na mdundo unaporomoka. Wasioona wanaotumia simu kwa kusomewa skrini wanakutana nalo kwa kila mguso: kidole kipo kwenye kitufe cha tatu na sikio bado linasikia jina la cha pili. Tena iyafoni nyingi huzima redio ya muziki zikikaa kimya kidogo ili zisimalize chaji, na zikiamka silabi ya kwanza ya neno inamezwa. Watu wengi wa kundi hilo hushikilia iyafoni za waya, na wana sababu.

Anayehariri video yuko kwenye hatari ya aina yake. Anavaa iyafoni za Bluetooth, anaona sauti inachelewa nyuma ya mdomo, anaivuta mbele milisekunde 200 mpaka kwake iende sawa, kisha anaichapisha. Mtazamaji anayetumia spika ya simu yake anapata sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 200, na tumeona kwamba upande huo uvumilivu unaishia kwenye 90. Kosa la masikioni mwa mhariri limehamia kwenye faili, na limehamia upande mbaya. Hariri kwa waya au kwa spika ya kompyuta.

Kuipima nyumbani

Huhitaji maabara. Tafuta simu mbili. Ya kwanza ifungue programu yoyote ya kupiga ngoma kwa kugusa skrini, ikiwa imeunganishwa na iyafoni. Iyafoni moja ilaze ikibusu kipaza sauti cha simu ya pili, na simu ya pili iwe inarekodi. Gonga ngoma kwa ukucha, kwa nguvu, ili mgoto wa ukucha kwenye skrini usikike. Fungua rekodi kwenye programu inayoonyesha wimbi la sauti na utaona vilima viwili: cha ukucha, kisha cha ngoma.

Tuseme ukucha uko kwenye sekunde 1.000 na ngoma kwenye 1.310. Usiseme iyafoni imechelewa 310. Simu yenyewe ina uzito wake wa kutambua mguso na kutengeneza sauti, kwa hiyo zima Bluetooth, rudia kwa spika ya simu. Ikiwa sasa pengo ni sekunde 0.090, toa: 310 kasoro 90 ni milisekunde 220, na hizo ndizo za Bluetooth.

Kwenye kompyuta pengo la video lina dawa ya mkono. VLC ya Windows au Linux huivuta sauti mbele milisekunde 50 kila ukibonyeza `J`, na `K` huipeleka nyuma. Anayetumia mpv huandika sekunde zenyewe, namba hasi ikiwa na maana picha ndiyo ingoje:

```
mpv --audio-delay=-0.2 harusi.mp4
```

Usianze moja kwa moja na ile 220 uliyoipima, kwa sababu kompyuta huenda imeshafidia sehemu yake. Chagua pahala mtu anapopiga makofi, ongeza kidogokidogo mpaka kofi na mlio vikutane, na namba hiyo itafaa kwa filamu zote mradi hedifoni na kompyuta ni zilezile.

Njia mpya

Bluetooth ya toleo la 5.2, ya mwaka 2020, ilileta msingi wa mfumo unaoitwa LE Audio, na kodeki yake ni LC3, iliyotengenezwa na taasisi ya Fraunhofer IIS ya Ujerumani pamoja na Ericsson. Vipande vyake ni vya milisekunde 10 au 7.5. Lakini, kama ilivyokuwa kwa aptX, kodeki siyo habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba kila pakiti sasa ina muda wa mwisho: ikishindwa kufika kabla ya hapo inatupwa, na LC3 inaziba pengo kwa kukisia. Kila sikio linapokea mkondo wake moja kwa moja kutoka kwenye simu, na simu inayaambia masikio yote mawili ni lini hasa yatoe sauti.

Ukubwa wa tangi, kwa maneno mengine, umetoka mikononi mwa kiwanda cha iyafoni na kuwa jambo la kukubaliana. Viwango vya LE Audio vina mipangilio miwili kwa sauti ileile ya sampuli 48,000: mmoja unaipa pakiti milisekunde 20 tu za kusafiri, mwingine takriban 100, na juu yake huongezwa muda wa iyafoni kujiandaa kutoa sauti. Simu inaweza kuchagua wa kwanza kwa mchezo na wa pili kwa muziki. Mpaka simu na iyafoni zote mbili ziwe na mfumo huu, zinarudi kwenye njia ya zamani bila kukuambia, na ile robo sekunde inabaki palepale.